Kwa nini Komoro haisemi "hapana" mpaka wakubwa watoe fedha

"Nasoma kwamba kwenye mikutano ya tabianchi hakuna kura, kila uamuzi lazima wote wakubali. Kama ni hivyo, nchi ndogo kama Komoro si ingekataa tu mpaka mataifa makubwa yatoe pesa? Na kama haiwezi, wajumbe wake huenda kule kufanya nini?" Msomaji, Mombasa

Kura haipo kwa sababu ya kanuni moja ambayo haijawahi kupitishwa. Mkutano wa kwanza wa nchi wanachama wa mkataba wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, COP1, ulipofanyika Berlin mwaka 1995, rasimu ya kanuni za uendeshaji ilikuwa na kanuni ya 42, inayohusu upigaji kura. Nchi zinazouza mafuta hazikutaka wingi wa kura uamue mambo ya msingi, na hakuna maneno yaliyoweza kuwaridhisha wote. Tangu wakati huo kila COP huendeshwa kwa rasimu hiyohiyo, "inayotumika" bila kupitishwa, kanuni ya 42 ikiwekwa kando. Kwa hiyo makubaliano ya wote hayakuchaguliwa na mtu. Ndiyo yaliyobaki baada ya kura kukwama, na mpaka leo hakuna ibara inayoeleza maana yake.

Kwa desturi ya Umoja wa Mataifa, makubaliano ya wote maana yake ni kwamba rais wa mkutano alipogonga nyundo hakuna nchi iliyotoa pingamizi rasmi. Haidaiwi kila mtu awe ameridhika. Na anayeamua kama pingamizi limesikika ni yule mwenye nyundo mkononi.

Hapo ndipo wazo lako la kukataa linapoingia matatani. Cancun, mwaka 2010, Bolivia ilisimama peke yake usiku wa mwisho na kusema haikubali. Rais wa mkutano, Patricia Espinosa wa Meksiko, alijibu kwamba makubaliano ya wote si haki ya nchi moja kuzuia nyingine zote, akagonga nyundo. Ukumbi ulishangilia, Bolivia ikaandikwa kwenye kumbukumbu, mkutano ukaendelea. Doha, mwaka 2012, Urusi nayo ilipigiwa nyundo ikiwa bado inataka kuzungumza. Sasa tazama tofauti. Miezi sita baadaye, mjini Bonn, Urusi, Ukraini na Belarus zilikataa ajenda ya chombo kimoja cha utekelezaji, na chombo hicho hakikufanya kazi yoyote kwa wiki mbili nzima. Nchi kubwa iliyopuuzwa ina namna ya kudai deni lake. Nchi ndogo iliyo peke yake haina.

Mwaka mmoja kabla ya Cancun, Copenhagen, mambo yalikwenda kinyume. Viongozi wa nchi ishirini na kitu waliandika waraka chumbani na kuuleta kikaoni alfajiri. Tuvalu ilipinga, na Venezuela, Bolivia, Nikaragua, Kuba na Sudan nazo zikapinga. Kwa pingamizi za nchi kadhaa za pande tofauti haikuwezekana kugonga nyundo, hivyo mkutano "ulitambua" tu kwamba waraka upo, bila kuupitisha. Lakini mengi ya yaliyokuwemo yalirudi Cancun mwaka uliofuata na kupita. Visiwa vilizuia karatasi, havikupata fedha. Ukizuia kila kitu, huambulii hata kile ulichokuwa umekubaliwa, na mada iliyokwama huhamishiwa kikao kijacho chini ya kanuni ya 16 bila matokeo yoyote. Kwa anayetaka mambo yachelewe hiyo ni faida. Kwa kisiwa kinachomomonyoka ni hasara, na upande wa pili unalijua hilo vizuri.

Basi wajumbe wa Komoro hufanya nini? Kwanza huingia kwenye makundi, na Komoro ina makundi kuliko nchi nyingi zenye ukubwa wake. Ni mwanachama wa Kundi la 77 na China, lenye nchi zaidi ya 130. Imo katika Kundi la Afrika, imo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, imo katika Muungano wa Nchi za Visiwa Vidogo wenye wanachama 39. Tena, kwa kuwa iko Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, imo pia katika Kundi la Kiarabu, ambalo kwa kawaida sauti yake ni ya Saudi Arabia. Vikao vya makundi hufanyika asubuhi mapema kabla ya majadiliano kuanza, na mjumbe mmoja hawezi kukaa viti vitano. Kiti anachochagua asubuhi ile ndicho kinachoeleza msimamo wa nchi yake kuliko hotuba ya rais wake.

Faida ya kundi ni kwamba sentensi ya nchi ndogo hupanda ngazi. Mjumbe wa Moroni akiishawishi kamati ya Muungano wa Visiwa, sentensi inakuwa ya nchi 39. Ikipita Kundi la 77, inasomwa na mwenyekiti wa kundi hilo "kwa niaba ya Kundi la 77 na China", na rais wa mkutano hawezi kuigongea nyundo kama alivyoigongea Bolivia. Gharama yake ni kwamba kila ngazi hukata kitu. Kundi la 77 lina visiwa vinavyotaka mafuta ya kisukuku yaachwe, na lina Saudi Arabia inayoyauza. Kwa sababu hiyo kundi hilo huwa na msimamo mmoja kuhusu fedha, na mara nyingi halina msimamo wowote kuhusu kupunguza gesijoto.

Kanuni ya kazi inayotoka hapo ni rahisi. Dai la fedha lipandishe kupitia Kundi la 77. Dai la gesijoto litafutie marafiki nje ya kundi hilo. Ndivyo alivyofanya Tony de Brum, waziri wa mambo ya nje wa Visiwa vya Marshall, mwaka 2015. Alikusanya kimyakimya mawaziri wa nchi tajiri na maskini, na katika wiki ya pili ya mkutano wa Paris wakajitokeza wakiwa Muungano wa Nia ya Juu, Umoja wa Ulaya na Marekani zikiwemo. Nyuzijoto 1.5 zikaingia katika ibara ya 2 ya Mkataba wa Paris kama lengo la kujitahidi kufikia.

Lakini wewe umeuliza kuhusu pesa, kwa hiyo tufuate pesa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni mfuko wa hasara na uharibifu, yaani fedha kwa ajili ya madhara ambayo hayazuiliki tena kwa ukuta wala kwa mbegu mpya: ardhi iliyokwisha kumezwa, kijiji kilichohamishwa.

Mwaka 1991, mkataba wa tabianchi wenyewe ukiwa bado unaandikwa, Vanuatu iliwasilisha pendekezo kwa niaba ya visiwa. Ilitaka kuwe na chungu cha bima cha kimataifa kwa ajili ya kupanda kwa bahari, nchi za viwanda zichangie kwa kadiri ya pato lao na gesi wanazotoa. Pendekezo lilikataliwa. Ila neno moja lilibaki: ukisoma ibara ya 4, aya ya 8 ya mkataba wa 1992, utakuta "bima" imetajwa katika hatua za kuzingatiwa. Watu wengi hulipita neno hilo. Wanaolijua faili hili hulitazama kama mbegu, kwa sababu kila ombi lililofuata liliweza kudai kwamba halileti jambo jipya.

Maneno "hasara na uharibifu" yenyewe yaliingia katika uamuzi wa COP kule Bali mwaka 2007, ndani ya orodha ndefu, chini ya habari ya kukabiliana na athari. Cancun, mwaka 2010, yalipata mpango wa kazi. Warsaw, mwaka 2013, yalipata chombo chake. Paris, mwaka 2015, yalipata ibara yake, ya 8, iliyosimama mbali na ile ya kukabiliana na athari. Hapo visiwa vililipa bei: Marekani haikukubali ibara hiyo mpaka uamuzi uliofuatana na mkataba ukawa na aya ya 51, inayosema kwamba ibara ya 8 haihusishi wala haitoi msingi wa dhima au fidia. Baadhi ya wanaharakati waliiita usaliti. Mimi naona ilikuwa biashara ya haki. Ibara imo ndani ya mkataba na itakaa humo. Aya ya 51 imo katika uamuzi wa mkutano, ambao ni daraja la chini.

Glasgow, mwaka 2021, Kundi la 77 liliomba mfuko na likapewa mazungumzo ya miaka mitatu. Mazungumzo tu, bila ahadi ya kuishia popote. Kosa lilikuwa la utaratibu: ombi la mfuko lililetwa ndani ya mada nyingine, kwa hiyo lingeweza kufutwa rasimu inayofuata ilipotoka bila mtu kulazimika kulijibu. Mwaka uliofuata walilisahihisha. Nchi yoyote inaweza kupendekeza mada ya ajenda kwa maandishi kabla ajenda ya muda haijasambazwa, na Pakistani, iliyokuwa mwenyekiti wa Kundi la 77 mwaka huo, ilipendekeza mada ya mipango ya kifedha kwa ajili ya hasara na uharibifu.

Ajenda nayo hupitishwa kwa makubaliano ya wote, na hapa silaha ya kuzuia iligeuka mkono. Mkutano wa Sharm el-Sheikh haungeweza kuanza bila ajenda, na nchi tajiri zingelazimika kusimama hadharani, miezi michache baada ya mafuriko makubwa ya Pakistani, na kusema kwamba mada hiyo haifai hata kujadiliwa. Baada ya mashauriano ya usiku kucha ajenda ilipita tarehe 6 Novemba 2022. Bei ilikuwa ileile ya Paris: rais wa mkutano alisoma kauli kwamba matokeo hayatahusisha dhima wala fidia.

Mada ikishakuwa kwenye ajenda, inapewa chumba, wasimamizi wawili, na saa zake. Wasimamizi hutoa andiko, kwa kawaida lenye chaguo kadhaa na mabano ya mraba kuzunguka kila neno ambalo halijakubaliwa. Kazi ya siku zote zile ni kufuta mabano. Hapa ndipo mtu mmoja mwenye kalamu hushinda ujumbe wa watu mia: anayeleta sentensi iliyokwisha andikwa, yenye nafasi yake katika aya fulani, humlazimisha mwingine aijibu. Anayetoa hotuba hushukuriwa.

Siku za mwisho Umoja wa Ulaya uligeuka na kukubali mfuko, kwa masharti: ulenge nchi zilizo hatarini zaidi, na wachangiaji wasiwe wale wa zamani peke yao. Sharti la kwanza lilikuwa mtego wa kuligawa Kundi la 77, kwa sababu visiwa na nchi zenye maendeleo duni zingenufaika na orodha fupi ilhali nchi za kipato cha kati zingeachwa nje. Kundi halikuvunjika. Maneno yaliyopita tarehe 20 Novemba yanataja nchi zinazoendelea "zilizo hatarini zaidi" bila kuorodhesha majina, na kila upande ukatoka ukiyasoma kwa tafsiri yake. Wengine huuita uandishi wa namna hiyo uzembe, kumbe mara nyingi ndiyo njia pekee ya kufikia nyundo. Ugomvi hauishi, unahamishiwa chumba kingine.

Chumba hicho kilikuwa kamati ya mpito ya watu 24, 14 kutoka nchi zinazoendelea na 10 kutoka zilizoendelea, iliyokutana mara tano mwaka 2023. Visiwa havikutaka Benki ya Dunia iwe mwenyeji, vikakubali iwe hivyo kwa muda na kwa masharti. Dubai, siku ya kwanza ya COP28, tarehe 30 Novemba 2023, uamuzi ulipita dakika za mwanzo. Bodi ina viti 26, na viwili ni vya visiwa vidogo, viwili vya nchi zenye maendeleo duni. Viti vinne kati ya ishirini na sita si vingi, lakini tazama vilivyofanya. Baku, Novemba 2024, nchi hizi ziliomba kwamba katika lengo jipya la fedha kiasi maalumu kitengwe kwa ajili yao: dola bilioni 39 kwa visiwa na bilioni 220 kwa nchi zenye maendeleo duni. Zikakataliwa, na wengine waliozikatalia walikuwa ndani ya Kundi la 77 hilohilo. Zilitoka chumbani kwa hasira, zikarudi, na uamuzi wa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035 ukapita bila mgawo wao. Lakini Aprili 2025 bodi ya mfuko wa hasara na uharibifu, ilipokutana Barbados, ilipanga awamu ya kwanza ya dola milioni 250 na kuamua kwamba angalau nusu iende kwa visiwa vidogo na nchi zenye maendeleo duni. Walichonyimwa ukumbini walikipata mezani, kwa kiasi kidogo. Kidogo kweli: ahadi zote kwa mfuko huo zilikuwa katika mamia ya mamilioni ya dola, na kuchangia ni hiari. Kutoka 1991 mpaka hapo ni miaka 34.

Sasa kinachoharibika, na namna ya kukigundua. Jambo la kwanza ni kutokuwepo. Tarehe 13 Desemba 2023 rais wa COP28, Sultan Al Jaber, aligonga nyundo juu ya uamuzi mkuu uliotaja kuondoka kwenye mafuta ya kisukuku. Mjumbe wa Samoa, Anne Rasmussen, aliyeongoza Muungano wa Visiwa, alipopewa nafasi alisema wamechanganyikiwa kidogo, maana uamuzi umepitishwa na visiwa havikuwa ukumbini. Walikuwa bado wanaratibu jibu lao. Ukumbi ulisimama kumpigia makofi, na uamuzi ulibaki vilevile. Pingamizi halina thamani baada ya nyundo, na ndiyo maana ujumbe wenye uzoefu humwacha mtu mmoja kitini hata kama wenzake wako chumbani wanagombana juu ya neno.

Ujumbe mdogo huponzwa pia na ratiba. Vikao hufanyika sambamba, na siku za mwisho huenda mpaka alfajiri. Muungano wa Visiwa hujitetea kwa kugawana mada: nchi moja hufuata fedha kwa niaba ya wote, nyingine masoko ya kaboni, nyingine hasara na uharibifu, jioni wanaambiana. Utaratibu huo hufanya kazi mradi mtu hakai mada moja mwaka mmoja tu. Faili lina miaka thelathini ya maneno, na anayekuja mgeni atauza kwa bei rahisi neno lililonunuliwa ghali. Tosi Mpanu-Mpanu wa Kongo ya Kinshasa aliongoza Kundi la Afrika, na miaka michache baadaye akaongoza kundi la nchi zenye maendeleo duni. Nchi hupata uzito kwa watu wa namna hiyo kuliko kwa ukubwa wa ujumbe.

Jambo jingine ni vitenzi. Katowice, mwaka 2018, visiwa vilitaka mkutano "ukaribishe" ripoti ya wanasayansi kuhusu nyuzijoto 1.5. Saudi Arabia, Marekani, Urusi na Kuwait zilitaka "utambue" tu. Walibishana, hawakukubaliana, na aya ikaanguka. Mwishoni mkutano ulikaribisha "kukamilika kwa wakati" kwa ripoti hiyo. Soma tena: kilichokaribishwa ni ratiba. Ukitaka kujua nchi yako imepata nini, usianze na hotuba ya waziri. Fungua uamuzi, tafuta kitenzi mwanzoni mwa kila aya, uone kama mkutano unaamua, unaomba, unahimiza, unaalika au unatambua. Kisha angalia nani ametajwa: "nchi zilizoendelea" ni mzigo wenye mwenyewe, "wahusika wote" hauna.

Kuhusu Komoro yenyewe, fuatilia mawasilisho ya maandishi yanayotangulia vikao vya Bonn vya kila Juni. Kila wasilisho huandikwa limetolewa kwa niaba ya nani. Kama sauti ya Moroni inasikika kwa kalamu ya Muungano wa Visiwa siku za mada ya gesijoto, ujue mjumbe amekaa kiti kimoja. Kama siku hizo inasikika kwa kalamu ya Kundi la Kiarabu, amekaa kingine, na hapo swali la nani aliyemwambia akae huko ni la kuulizwa Moroni.